Matao ya Kilwa na Anga la Januari: Kuunganisha Picha za HDR Zisitoke Chafu

(Hotuba kwa wapiga picha, Dar es Salaam)

Wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, shikamooni. Kaka na dada zangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme juu ya HDR, yaani kupiga eneo moja mara kadhaa kwa mwanga tofauti, kisha kuziunganisha fremu hizo ziwe picha moja yenye anga lisiloungua na vivuli visivyozama. Nitaanza na picha niliyoiharibu. Niliipiga katika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani nikaichapisha kubwa, na nilipovuka tena kwenda kisiwani nikaibeba nimpe mzee mmoja wa pale aliyenitembeza mara ya kwanza. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akainyamazia. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hapa ni msikitini au ndani ya tanuri la chokaa?"

Hakuwa anatania. Alikuwa ananiuliza kwa dhati, kwa sababu jengo analolijua tangu utotoni hakulitambua. Kuta za matumbawe zilikuwa kama zimepakwa masizi. Kila doa la ukungu lilisimama peke yake. Mawingu yalikuwa ya kijivu kana kwamba mvua ya masika iko juu yetu, ilhali siku ile jua lilikuwa linawaka. Na kuzunguka kila tao palikuwa na utando mweupe, kama vile tao limekatwa kwa mkasi likabandikwa juu ya anga. Nilijibu tu, "Ni msikitini, mzee wangu, ila kosa ni langu." Niliporudi nyumbani nilizifungua upya fremu zile zile, na nikagundua kwamba hazikuwa na kasoro yoyote. Uchafu wote niliutia mwenyewe, mezani, baada ya kupiga.

Nitakayoyasema leo yote yanatoka katika ugunduzi huo. HDR ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuunganisha, na ya pili ni kubana. Tunazitaja kwa jina moja kwa sababu programu nyingi hutupa kitufe kimoja, lakini kuunganisha peke yake hakujawahi kuchafua picha ya mtu. Kinachochafua ni kubana.

Wengi wenu mmefika Kilwa, lakini kwa asiyefika nieleze pale nilipoweka stendi. Msikiti ule una sehemu mbili. Ya kaskazini, upande wa kibla, ndiyo ya kale zaidi, na leo haina paa, imebaki wazi juani. Ya kusini iliongezwa baadaye, na ndiyo yenye zile nguzo, matao na kuba za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukisimama ndani ya sehemu ya kusini ukatazama kibla, uko kivulini chini ya kuba, na mbele yako, kupitia tao baada ya tao, unaona ua wenye jua kali na juu yake anga. Ilikuwa Januari, saa tatu asubuhi. Jua majira hayo huwa upande wa kusini mashariki, kwa hiyo lilikuwa nyuma yangu kulia, likizipiga kuta za mbele sawasawa.

Jicho lilikuwa linaona vyote, wingu na nyufa za chokaa darini. Kamera haikuweza. Sisi wapiga picha tunahesabu mwanga kwa stopu, na kila stopu moja ni mwanga maradufu. Sensa za kamera nzuri za leo hubeba kama stopu 12 hadi 14 kwenye ISO ya chini, lakini zile za chini kabisa zimejaa chenga. Nilipopima wingu jeupe kwa f/8 na ISO 100, lilitaka shata ya 1/1000. Nilipopima ukuta wa ndani nyuma ya nguzo, ulitaka 1/4. Baina ya hizo mbili kuna mara 250, karibu stopu 8 kamili. Mtasema stopu 8 si zinaingia kwenye 13? Lakini pale nilipima kati ya wingu na ukuta wa kawaida wa kivulini. Juu ya wingu hilo kulikuwa na kingo zinazong'aa zaidi, na chini ya ukuta ule kulikuwa na pembe nyeusi zaidi zenye nyufa ninazozitaka. Ukijumlisha huku na kule, fremu moja haitoshi, au inatosha kwa shida na chenga tele.

Hapa nisimame kidogo, maana nimeona watu wanapiga fremu 7 za ufuo wa bahari saa nne asubuhi, mbingu na mchanga tu, hakuna kivuli chochote cha maana. Hiyo fremu moja ya RAW inaibeba yote. Kabla hujapiga kwa ngazi, piga moja ya RAW ukilinda mawingu yasiungue, kisha itazame histogramu upande wa kushoto. Kama vivuli havijagandamana ukutani, funga kazi. HDR ni ya pale ambapo kweli kuna ndani na nje ndani ya picha moja: chini ya kuba, chumba chenye dirisha la baharini, mlango wa nakshi uliofunguliwa kuelekea uani.

Basi nilipiga fremu tano: 1/1000, 1/250, 1/60, 1/15 na 1/4. Hizo ni hatua za stopu mbili mbili. Kwa RAW, stopu mbili kati ya fremu na fremu zinatosha kabisa. Anayepiga kwa hatua ya theluthi ya stopu anajaza kadi tu. Apacha ilibaki f/8 muda wote, kwa sababu ukiibadilisha, kina cha picha kinabadilika na kingo za matao hazitalingana. ISO ilibaki 100, na ISO ya kujiendesha niliizima. Fokasi niliiweka kisha nikaihamishia kwa mkono. Mizani ya weupe niliiweka kwenye jua, si `Auto`. Stendi ya miguu mitatu, kutuliza mtikisiko kumezimwa, na shata ya kuchelewa sekunde mbili ili kidole kisitikise kamera.

Fremu ya haraka kuliko zote uichague kwa kuangalia anga: punguza mpaka wingu jeupe kabisa lisigonge ukuta wa kulia wa histogramu. Ya taratibu kuliko zote uichague kwa kuangalia kivuli, na hapa ndipo wengi wanapofanya uchoyo. Haitoshi kivuli kionekane. Ongeza mpaka ile pembe nyeusi unayotaka kuitumia isogee karibu na katikati ya histogramu, hata kama anga lote limekuwa karatasi nyeupe. Anga la fremu hiyo hutalitumia. Unachonunua hapo ni kivuli safi. Ile pembe kwenye fremu ya 1/4 imepata mwanga mara 16 kuliko kwenye fremu ya 1/60, na mwanga ukiongezeka mara 16, ubora wake dhidi ya chenga unaongezeka mara 4. Ndiyo maana kivuli kilichochukuliwa kwenye fremu ndefu ni laini kama hariri, na kilichopandishwa kwa nguvu kutoka fremu fupi kina chenga za rangi rangi.

Kuna jambo moja linalosahauliwa, nalo ndilo mpaka halisi wa kazi hii kuliko sensa. Nilikuwa nimevuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, na kioo cha lenzi kilikuwa na utando wa chumvi usioonekana kwa haraka. Kwenye fremu ya 1/4, mwanga wa lile tao wazi ulitawanyika ndani ya lenzi ukafunika kivuli chote kwa ukungu wa maziwa. Ukungu huo hakuna programu inayouondoa vizuri, kwa kuwa umeshajumlishwa na kivuli chenyewe. Niligundua nilipokuza picha kwenye kioo cha kamera: weusi wa chini ya nguzo ulikuwa wa kijivu, na ulikuwa wa kijivu zaidi kila ulipokaribia anga. Nilifuta lenzi kwa kitambaa safi, nikaondoa na kile kichujio cha bei rahisi nilichokuwa nimekivisha, nikapiga upya zote tano. Kama unatoka baharini, futa lenzi kwanza.

Sasa tuje mezani, kwenye kuunganisha. Nataka mwone jinsi kazi hii ilivyo nyoofu. Faili la RAW ni hesabu ya mwanga. Chukua nukta moja ukutani. Kwenye fremu ya 1/60 imesoma, tuseme, 200. Kwenye fremu ya 1/15 shata imekaa wazi mara nne zaidi, kwa hiyo itasoma kama 800. Ukigawa kila moja kwa muda wake unapata jibu lile lile: ule ndio mwanga halisi wa ukuta. Nukta iliyoungua haina jibu, imegonga dari, inatupwa. Nukta iliyozama kwenye chenga inapewa uzito mdogo. Zilizobaki zinawekwa pamoja kwa wastani. Paul Debevec na Jitendra Malik walionyesha mwaka 1997 namna ya kuifanya hesabu hii hata kwa picha ambazo kamera au filamu imeshapinda mwanga wake, na programu zetu za leo zimejengwa juu ya msingi huo.

Kinachotoka ni faili lenye mwanga wote wa pale mahali, kutoka kingo za wingu hadi pembe ya nguzo, bila ladha yoyote. Kwenye Lightroom Classic unazichagua fremu tano, unabonyeza `Ctrl+H`, unaacha `Auto Align` iwe imewashwa, unaondoa tiki kwenye `Auto Settings`, na unapata faili la DNG. Utajua ni la namna hii kwa sababu `Exposure` yake itakwenda kutoka -10 hadi +10 badala ya -5 hadi +5 ya kawaida. Asiye na Lightroom achukue HDRMerge, ni ya bure, nayo inatoa DNG ambayo utaifungua kwenye RawTherapee au darktable.

Faili hilo ukilifungua mara ya kwanza utasikitika. Anga limeungua au kuba ni nyeusi, kutegemea `Exposure` ilipo. Wengi hapa wanadhani kazi imeshindikana, wanakimbilia kitufe cha kutengeneza kila kitu kwa mpigo. Tulieni. Mwanga wote umo ndani. Kinachokosekana ni nafasi ya kuuonyesha, maana kioo cha kompyuta hakiwezi kubeba umbali huo wote wa mwanga, na karatasi ya picha inabeba umbali mdogo hata kuliko kioo. Inabidi kubana. Na hapa ndipo msikiti wangu ulipogeuka tanuri.

Kuna kubana kwa namna mbili. Ya kwanza inachukua mwanga wote kwa mpindo mmoja: kila nukta yenye mwanga fulani, popote ilipo kwenye picha, inapata jibu lile lile. Namna hii haichafui, ila ikibana sana picha inakuwa bapa na mvivu. Ya pili inatazama ujirani. Kabla ya kuamua nukta ipandishwe au ishushwe, inauliza: majirani zako wana mwanga gani? Ukiwa kati ya weusi utapandishwa, ukiwa kati ya weupe utashushwa. Kwa njia hiyo picha inabanwa huku mikunjo ya mawe ikibaki na nguvu. Ina manufaa makubwa, ila ikizidishwa kidogo tu inaharibu.

Sogeeni karibu na ukingo wa tao. Chukueni nukta ya anga iliyo kandokando ya jiwe. Anga la katikati lina majirani wa anga tupu, kwa hiyo linashushwa. Lakini nukta hii ya pembeni nusu ya majirani zake ni jiwe jeusi, kwa hiyo programu inaiona iko mahali penye giza na haiishushi kama wenzake. Inabaki nyeupe kuliko anga lililobaki. Upande wa pili, jiwe lililo kandokando ya anga lina majirani weupe, kwa hiyo halipandishwi kama mawe mengine. Linabaki jeusi. Weupe huku, weusi kule, kwenye ukingo mmoja: ndio ule utando uliomfanya mzee aone tao limebandikwa. Ujirani ukiwa mpana, utando unakuwa mpana kama taji. Ujirani ukiwa mdogo, kila punje ya matumbawe, kila doa la ukungu na kila tone la chokaa linapata utando wake, na ukuta mzima unakuwa na masizi. Huo ndio uchafu wa HDR. Vitelezi vya `Clarity`, `Texture`, `Dehaze`, na kile cha nguvu kwenye programu maalumu za HDR, vyote vinacheza na ujirani. Kwenye picha yangu ya kwanza `Clarity` ilikuwa +70.

Kuna dalili nyingine iliyo mbaya zaidi, kwa sababu haionekani ukikuza picha, inaonekana ukirudi nyuma. Kule Kilwa, wingu lilikuwa ndilo jeupe kuliko vyote. Likafuata jiwe lenye jua, kisha anga la buluu, kisha sakafu ya karibu na tao, kisha ukuta wa ndani, na mwisho pembe ya nguzo. Huo ni mpangilio wa mwanga, na ndio unaomwambia mtazamaji kwamba yeye yuko ndani na jua liko nje. Kwenye picha yangu ya kwanza nilishusha wingu likawa la kijivu na nikapandisha kuba mpaka ikalingana nalo. Ndani na nje vikawa na mwanga mmoja. Jicho la mzee likakataa, na lilikuwa na haki. Chokaa ya kivulini haiwezi kuwa na mwanga sawa na wingu la Januari, na ikilazimishwa kuwa hivyo inasomeka kama majivu.

Mwaka wa 1856 Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa na shida inayofanana na yetu. Vioo vya picha vya wakati wake vilikuwa vinaunguza anga kila alipopiga bahari. Kwa baadhi ya picha zake alipiga mawingu kwenye kioo kimoja na maji kwenye kingine, kisha akavichapa juu ya karatasi moja, na kiungo kikaangukia kwenye mstari wa upeo. Ukizitazama picha zake za bahari, anga bado ndilo linalotoa mwanga na maji bado yanaupokea. Aliliokoa anga bila kuligeuza zito kuliko maji.

Basi hivi ndivyo nilivyoitengeneza upya picha yangu, na namba hizi ni za picha hii, zenu zitatofautiana. Niliweka `Exposure` kwanza kwa kutazama jiwe lenye jua peke yake, mpaka likawa na weupe wa jiwe lenye jua. Sikutazama anga wala kuba. Kisha `Highlights` -55, wingu likarudi na mikunjo yake. `Shadows` nilipandisha +35, nikaishia hapo ingawa kidole kilitaka kwenda mia. `Blacks` niliishusha -12, kwa sababu picha isiyo na weusi wa kweli popote huonekana imefunikwa na vumbi. `Clarity` sifuri, `Dehaze` sifuri.

Kuba ilikuwa bado nzito kidogo. Hapo sikurudi kwenye `Shadows`. Nilichora barakoa kwa brashi laini pana juu ya kuba na ukuta wa ndani, nikaacha nafasi ya kutosha kabla ya ukingo wa tao, nikapandisha `Exposure` ya barakoa hiyo kwa 0.7. Tofauti ni kubwa. `Shadows` inatafuta weusi wote wa picha pamoja na kivuli cha kila tundu la matumbawe, inakipandisha, na ukuta unapoteza umbo. Barakoa inapandisha ukuta na matundu yake kwa pamoja, kana kwamba mawingu yamefunguka kidogo na mwanga mwingi zaidi umeingia ndani. Uhusiano wa jiwe na tundu lake haukuguswa.

Kisha nilipima. Ukipitisha kishale juu ya picha, Lightroom inakuonyesha asilimia chini ya histogramu. Wingu langu lilikuwa kwenye 93, jiwe lenye jua 80, anga la buluu karibu 65, ukuta wa ndani 33, na pembe ya nguzo 6. Namba zinashuka kwa mpangilio ule ule nilioukuta pale. Kama ningekuta ukuta wa ndani una 60, ningejua nimeanza kuwasha tanuri tena. Ninazitegemea namba hizi kuliko macho, maana ukikaa saa nzima mbele ya kioo, jicho linazoea uchafu na kuuona uzuri.

Rangi nayo inataka neno. Kivuli cha ndani hakipati jua. Kinapata mwanga wa anga, ambao ni wa buluu, na mwanga unaoruka kutoka kwenye majani ya uani, ambao ni wa kijani. Kikiwa cheusi huoni hayo. Kikipandishwa, chokaa inakuwa na rangi ya maji ya bwawa. Ndani ya ile barakoa nilisogeza `Temp` kuelekea joto, lakini nusu tu ya njia. Ukiisogeza mpaka chokaa iwe nyeupe kamili, kivuli kinaonekana kina taa ya umeme ndani yake. `Saturation` ya barakoa nikaipunguza -10.

Sasa kwa vijana ambao hawana fedha ya kulipia programu kila mwezi. Kuna njia ya pili, inaruka kabisa lile faili la mwanga wote. Tom Mertens na wenzake waliieleza mwaka 2007: kwa kila nukta, chagua zaidi kutoka kwenye fremu iliyoipiga kwa mwanga wa katikati, kisha changanya fremu kwa ngazi za ukubwa tofauti ili viungo visionekane. Programu ya bure ya enfuse inafanya hivyo, na kupangilia fremu kunafanywa na kifaa kinachokuja na Hugin. Kwanza geuza RAW zote tano ziwe TIFF za biti 16 kwa mipangilio ile ile, kisha:

```
align_image_stack -m -a panga_ f1.tif f2.tif f3.tif f4.tif f5.tif
enfuse --depth=16 --contrast-weight=0 -o kilwa.tif panga_*.tif
```

Ile `--contrast-weight=0` ndiyo thamani ya kawaida, nimeiandika ili ibaki sifuri, kwa kuwa ukiipandisha inaanza kuwinda kila doa la ukutani. Matokeo ya enfuse huwa ya asili kwa tabia yake, mara nyingi kuliko ya Lightroom mikononi mwa mtu mwenye pupa. Udhaifu wake ni kwamba inapenda vitu vyote viwe vya mwanga wa katikati. Kwa fremu zinazopishana stopu 8 kama hizi za Kilwa, ilinishushia mawingu na kunipandishia kuba mpaka vikakaribiana, bila utando, lakini kwa ubapa. Dawa ni kuinyima chakula: niliondoa fremu ya 1/4 nikaendesha tena na nne zilizobaki, kuba ikabaki kivulini, kisha nikarudisha weusi kidogo kwa mpindo wa kawaida.

Limebaki suala la vitu vinavyotembea. Fremu tano hazipigwi kwa pumzi moja. Kule uani kulikuwa na matawi yanayopepea juu ya ukuta, na katika fremu ya 1/15 mtalii mmoja alipita katikati ya tao. Lightroom ina `Deghost Amount`, yenye `None`, `Low`, `Medium` na `High`, na kuna tiki ya kuonyesha kwa rangi mahali ilipogusa. Iwasheni tiki hiyo. Mahali palipopakwa rangi, programu imeacha kuunganisha na kuchukua fremu moja tu, maana yake pale ukipandisha kivuli utapata chenga wakati jirani yake ni laini. Nilipoweka `High` ilinipakia nusu ya ukuta wa kulia ambao haukutikisika hata kidogo, ni mwanga wa wingu tu ulikuwa umepita juu yake. Nilirudi `Low`, mtalii akaondoka, ukuta ukabaki mzima.

Matawi `Low` haikuyaweza. Yalibaki na kingo mbili mbili, za kijivu, juu ya anga. Kwa kuwa matawi na anga vyote viko juani, fremu moja ya 1/250 ilikuwa imevibeba bila tatizo. Niliifungua peke yake, nikailinganisha mwanga na ile iliyounganishwa, nikaiweka juu yake kwenye Photoshop na kufunua kwa brashi matawi na anga lililoyazunguka tu, nikikata kiungo kwenye ukingo wa ukuta ambako hakuna atakayekiona. Kazi ya dakika kumi. Kwa upepo wa kusi wa mwezi Julai, na minazi imejaa picha, msihangaike hata na hilo: pigeni fremu mbili tu, moja ya nje na moja ya ndani, mziunganishe kwa mkono kwenye kingo za mawe.

Nilichapisha upya kwa ukubwa ule ule. Safari hii mzee hakuisogeza mbali. Aliiweka mezani, akapitisha kidole darini kwenye kuba, akasimama mahali panapoonekana chokaa imebanduka, akasema, "Hapa maji ya mvua yanapita. Paliziba, pakafunguka tena." Pembe ya kushoto ya chini, nyuma ya nguzo ya pili, nimeiacha ina asilimia 6. Kwenye faili kuna nyufa na mawe yote ya pembe hiyo, ukipandisha yanatokea. Nimeyaacha humo gizani, kwa sababu asubuhi ile nilipokuwa nimesimama pale, ilinibidi nisogee hatua tatu na kuinama ndipo niyaone.